Wanane wa Mama Riziki: kisa cha fomu ya nyumba ya serikali

Barua ilifika Oktoba 2022, siku ya Alhamisi. Jumapili yake Mama Riziki akaniletea baada ya ibada, imekunjwa mara nne ndani ya Biblia. Mimi huwasaidia watu wetu kujaza fomu pale kanisani, na kwa kawaida mtu akinyoosha barua ya ofisi ya hauzing hivyo, bila kusema neno, najua kuna jambo. Ilikuwa kurasa mbili. Ofisi ilisema imepitia maombi yake ya nyumba, imeona mambo manne yasiyolingana na vielelezo, na anapewa siku kumi za kazi aeleze kwa maandishi. Asipoeleza, ombi litakataliwa kwa kutoa taarifa zisizo za kweli.

Mama Riziki si jina lake, na mambo mengine madogo nimeyabadilisha asitambulike. Alitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, mwaka 2019, akaletwa katika mji mmoja wa katikati ya Marekani. Mwaka uliofuata aliomba nyumba ya umma, yaani nyumba inayomilikiwa na wakala wa nyumba wa mji, ikigharamiwa na wizara ya nyumba ya Marekani, HUD. Hii ni tofauti na vocha, ile watu wanaita Seksheni 8, ambayo unaenda nayo kutafuta nyumba ya mwenye nyumba binafsi. Kwa nyumba ya umma unapangiwa nyumba, na kodi yako inafuata kipato. Alikaa kwenye orodha zaidi ya miaka miwili. Ombi la kwanza lilikuwa fupi, Riziki alilijaza kwenye simu wakiwa wanasubiri nguo kwenye mashine za kufulia. Jina lilipokaribia juu ya orodha ndipo ukaja mzigo wa fomu kamili, na hiyo waliijaza mezani jikoni, mama na binti, usiku mmoja.

Nilipoisoma nakala yao nikaona kwamba hakuna aliyedanganya. Fomu iliuliza mambo mawili tu ya maana, mko wangapi na mnaingiza kiasi gani, nao wakajibu kwa maana ya nyumbani kwetu. Ofisi nayo ilisoma kwa maana yake.

Nianze na watu. Kwenye jedwali la familia Mama Riziki aliandika majina manane: yeye mwenyewe, mumewe, Riziki wa miaka 19, mvulana wa 16, wasichana wa 12 na 9, mtoto wa kiume wa miaka 4, na mama yake mzazi wa miaka 66, ambaye wote tunamwita Bibi. Na kweli nyumbani kwake wanaishi watu wanane. Lakini si hao. Mumewe yuko bado Nyarugusu, faili lake lilikwama kwenye ukaguzi wakati wenzake wanasafiri. Na aliyekosekana kwenye jedwali ni kijana wa miaka 14, mtoto wa dada yake marehemu, ambaye amemlea tangu ananyonya.

“Huyu mbona hukumwandika?” nilimuuliza.

“Kaka, kwetu ni mwanangu. Lakini tulipofika hapa kesiweka aliyekuwa akitushughulikia aliniambia kwenye karatasi usimwite mtoto wako, si wewe uliyemzaa. Fomu inasema watoto. Nikaogopa.”

Aliogopa kusema uongo, kwa hiyo akamwacha. Na mume akamwandika kwa sababu ile ile ya ukweli: ameolewa, mumewe yu hai, angemfuta vipi? Idadi ikatoka sahihi, watu wakawa siyo. Ofisi iligundua kwa sababu ya namba: kwa kawaida kila mtu kwenye jedwali anatakiwa kuonyesha namba yake ya Soshal Sekyuriti na karatasi ya uhamiaji, na mume hakuwa na chochote. Kijana wa 14 hawakumjua kabisa, hadi walipoona jina lake kwenye hati ya kodi ya mapato ya Mama Riziki. Pale alikuwa tegemezi.

Kwa ofisi ya nyumba, familia ni wale watakaolala ndani ya nyumba hiyo. Undugu hauna uzito mkubwa. Mpwa anaingia, ilimradi kuonekane kwamba anaishi hapo na wewe ndiye unayemlea: sisi tulipeleka barua ya shule yenye anwani ya nyumba na jina la Mama Riziki kama mlezi, pamoja na karatasi yake ya kuingilia nchini, I-94, ikionyesha tarehe moja ya kufika na wenzake. Kwenye safu ya uhusiano aliandika mpwa, basi. Hakuna mahali alipotakiwa kudai amemzaa. Ofisi nyingine huomba hati ya mahakama ya ulezi, kwa hiyo ni vizuri kuuliza mapema. Angekuwa mtoto aliyewekwa kwake rasmi na serikali, wale wanaoitwa foster, hesabu yake ingekuwa nyingine, kwa kuwa watoto hao hawaingii kwenye punguzo nitakalolieleza chini.

Kuhusu mume, watu kanisani walikuwa wameshampa ushauri wa haraka: “Andika huna mume, yaishe.” Huu ndio ushauri mbaya kuliko yote niliyosikia kwenye kisa hiki. Mkimbizi ana miaka miwili tangu alipoingia kupeleka fomu I-730 ya kumwita mwenzi wake, na Mama Riziki alikuwa ameshaipeleka. Kwenye faili la uhamiaji ameandikwa ana mume. Akiandika mahali pengine serikalini kwamba hana, atakuwa ameacha karatasi mbili zinazopingana, na siku ya kuomba uraia fomu N-400 itamuuliza kama amewahi kumpa ofisa wa serikali taarifa ya uongo. Tuliandika hali ya ndoa: ameolewa. Kisha sentensi moja chini: mume anaishi nje ya nchi, maombi ya kuungana na familia yanaendelea, hatakaa ndani ya nyumba hadi atakapowasili na kuidhinishwa na ofisi. Tukaambatisha nakala ya risiti ya I-730. Jina lake likatoka kwenye jedwali la wakaazi, ndoa ikabaki.

Hapo watu walirudi kuwa wanane, wale wanaostahili. Idadi hiyo inafanya kazi tatu kwa mpigo, na nadhani kama Mama Riziki angejua hilo tangu mwanzo asingebabaika hata kidogo na upande wa kipato.

Kazi ya kwanza ni kipimo cha nani anastahili. HUD hutoa kila mwaka viwango vya kipato kwa kila eneo, vikianzia familia ya watu 4. Mtu mmoja hupewa asilimia 70 ya kiwango hicho. Familia ya watu 8 hupewa asilimia 132. Kwa hiyo mshahara ule ule unaoweza kumtupa nje mtu anayeishi peke yake, kwa watu wanane uko chini ya mstari. Kwa nyumba ya umma mstari wenyewe uko kwenye asilimia 80 ya kipato cha wastani cha eneo. Familia hii ilikuwa chini yake kwa mbali, hata baada ya kuandika kila kitu. Hofu ya kuonekana “tajiri” haikuwa na msingi wowote.

Kazi ya pili ni punguzo la kodi ya nyumba, na ya tatu ni vyumba. Ofisi nyingi hupanga watu wawili kwa chumba, na wa jinsia tofauti wakishakua hawalazwi pamoja. Walipangwa hivi: Bibi na Riziki, wasichana wa 12 na 9, wavulana wa 16 na 14, mama na yule mdogo. Vyumba vinne. Nyumba za vyumba vinne ni chache, ndiyo maana familia kubwa husubiri zaidi kuliko ndogo. Wapo wanaopunguza majina ili wapate haraka nyumba ya vyumba viwili, halafu waliofichwa wanakuja na magodoro usiku. Mkataba wa nyumba hizi una orodha ya majina ya wanaoruhusiwa kuishi humo, na jirani ana macho.

Sasa kipato. Mama Riziki anafanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli. Kwenye kisanduku cha mshahara kwa mwezi aliandika dola 2,040. Nilipomuuliza ameipataje akanionyesha simu: kila wiki mbili benki inaingia dola 1,020. Mara mbili kwa mwezi, 2,040. Ukiwa mtu wa kawaida huwezi kumlaumu, hiyo ndiyo pesa anayoishika.

Lakini ofisi inataka mshahara kabla ya makato, na inautaka kwa mwaka, miezi 12 inayokuja. Tulifungua karatasi yake ya mshahara. Juu, karibu na jina la kampuni, palikuwa na masaa 80, dola 15.40 kwa saa, jumla 1,232. Kisha safu ya makato: kodi ya mapato, Soshal Sekyuriti, bima ya afya. Chini kabisa, kwa herufi nene, 1,020. Macho huenda kwenye herufi nene. Kinachotakiwa ni ile 1,232 ya juu.

Kosa la pili ni la kalenda. Anayelipwa kila wiki mbili halipwi mara 24 kwa mwaka, analipwa mara 26, kwa sababu mwaka una wiki 52. Miezi miwili kila mwaka ina malipo matatu, na Mama Riziki aliikumbuka vizuri. Ndiyo miezi anayonunulia watoto viatu. Kwa hiyo mshahara wake ni 1,232 mara 26, yaani dola 32,032. Alichoandika, 2,040 mara 12, ni 24,480. Pengo la dola 7,552. Mtu aliyeko ofisini haoni mama aliyesoma herufi nene. Anaona karibu robo ya mshahara imefichwa.

Jambo la tatu kwenye barua lilikuwa Bibi. Bibi anapokea SSI, ile pesa ya serikali kwa wazee na walemavu wasio na kipato, ambayo mwaka 2022 kiwango cha juu kwa mtu mmoja kilikuwa dola 841 kwa mwezi. Mama Riziki hakuiandika. Maelezo yake yalikuwa mafupi: “Franga za Mama ni za Mama.” Na nyumbani ndivyo ilivyo, hakuna binti mwenye adabu anayehesabu pesa ya mama yake mzazi kama kipato chake. Ila swali la fomu lilikuwa juu ya kaya nzima, na kaya ina Bibi. Kila mtu mzima aliye kwenye jedwali, akiwa na miaka 18 na kuendelea, anatia sahihi fomu ya idhini HUD-9886 inayoruhusu ofisi kuuliza mishahara na malipo yake. Bibi alitia sahihi yake mwenyewe, polepole, herufi moja moja, akijua kabisa anachokitia. Riziki pia.

Tulipofika kwa watoto wanaofanya kazi, mama alishakata tamaa na kusema sasa waandike kila senti. Nikamwambia ndiyo, andika kila senti, lakini si kila senti itahesabiwa. Yule wa miaka 16 anaosha magari Jumamosi. Mshahara wa mtoto aliye chini ya miaka 18 unaandikwa, na hesabu yake ni sifuri. Riziki anasoma chuo cha jamii muda wote, na anapanga mizigo kwenye ghala masaa 20 kwa wiki kwa dola 16, ambazo kwa mwaka ni 16,640. Kwa mwanafunzi wa muda wote aliye tegemezi, mwenye miaka 18 na kuendelea, wanachukua dola 480 za kwanza tu. Zilizobaki 16,160 hazigusi kodi. Fudi stempu, ule msaada wa chakula, hazihesabiwi. Marejesho ya kodi ya mapato yale ya Februari hayahesabiwi.

Na kuna upande wa pili ambao humuumiza kila mtu: pesa unazotuma haziondolewi. Mama Riziki hutuma dola 200 kila mwezi kambini. Alitaka tuandike kama matumizi ya lazima. Hakuna kisanduku cha hilo. Kuna punguzo la malezi ya watoto walio chini ya miaka 13 wakati mzazi yuko kazini, kama unalipa na una risiti, lakini mtoto wake mdogo analelewa na Bibi, na malezi ya bibi hayana risiti.

Jambo la nne lilinichukua muda kuliko yote. Kwenye taarifa ya benki ofisi iliona dola 3,000 zimeingia ndani ya siku mbili mwezi Agosti, kutoka kwa watu kumi tofauti, mia tatu tatu. Wakaandika: eleza chanzo cha kipato hiki. Msomaji wa Kiswahili ameshajua. Ulikuwa upatu, au likelemba kama wasemavyo Wakongo. Wanawake kumi na mmoja, kila mwezi kila mmoja anatoa dola 300, anakula mmoja. Agosti ilikuwa zamu yake.

Upatu si kipato; ni akiba yako mwenyewe inayorudi kwa mkupuo. Lakini upande wa benki unaonekana kama watu kumi wanakuhudumia, na michango ya mara kwa mara kutoka kwa watu wasioishi nawe inahesabiwa kama kipato. Kusema tu “ni mchezo wetu” kungeleta balaa jipya, maana neno mchezo likitafsiriwa vibaya ni kamari. Tuliandika barua ya ukurasa mmoja: kikundi cha kuweka akiba kwa zamu, wanachama kumi na mmoja, kiasi, mwezi wa kuanza, mwezi wa kumaliza. Mweka hazina akatia sahihi. Muhimu zaidi, tulipaka rangi kwenye taarifa za benki za miezi mingine, kila mahali ambapo yeye alituma 300 kwa mwenzake. Ofisa alipoona 300 zinatoka kila mwezi na 3,000 zimeingia mara moja, hesabu ikajisema. Kama upatu wake ungekuwa wa taslimu, ule wa bahasha, sijui tungeonyesha nini.

Nilipojumlisha mbele yake nilitumia nyuma ya bahasha, na nairudia hapa kama ilivyokuwa. Mshahara wa mama 32,032. Bibi, 841 mara 12, ni 10,092. Riziki 480. Kijana sifuri. Jumla ya kaya dola 42,604 kwa mwaka. Kisha punguzo: kila tegemezi, yaani aliye chini ya miaka 18 au mwanafunzi wa muda wote, anapunguza dola 480. Wako sita: Riziki, wa 16, mpwa wa 14, wa 12, wa 9 na wa 4. Hiyo ni 2,880. Inabaki 39,724, ambayo kwa mwezi ni kama 3,310. Kodi ni asilimia 30 ya hapo: dola 993, ikiwa pamoja na umeme na gesi. Ofisi ilikadiria umeme na gesi kuwa dola 118 ambazo familia italipa yenyewe, kwa hiyo kodi ya kupeleka ofisini ni 875.

Wakati huo alikuwa analipa 1,350 kwa vyumba viwili, watu wanane.

Mpwa aliyeachwa nje, kumbe, alikuwa na thamani ya dola 12 kwa mwezi kwenye kodi, asilimia 30 ya zile 480 zake kugawa kwa 12. Si kitu kikubwa. Ila bila yeye kipimo cha kustahili kingeshuka kuwa cha watu saba mara tu mume alipoondolewa, na yeye mwenyewe asingekuwa na haki ya kulala ndani ya nyumba aliyolelewa.

Kuna mzee mmoja pale kanisani, mjuzi wa mambo, alishauri wamwandike Bibi kuwa mkuu wa kaya, kwa sababu kaya ya mzee ina punguzo lake. Nilimheshimu, kwa sababu ni kweli. Mkuu wa kaya akiwa na miaka 62 au zaidi, mwaka ule kulikuwa na punguzo la dola 400, pamoja na gharama za matibabu zinazozidi kiasi fulani. Familia ina uhuru wa kuchagua nani awe mkuu, hakuna uongo hapo. Lakini tulipopiga hesabu, 400 kwa mwaka ni dola 10 kwa mwezi, na matibabu yote ya Bibi yalikuwa yanalipwa na bima ya serikali, Medikeidi, hakuna cha kudai. Kwa dola 10 Bibi angekuwa ndiye anayetia sahihi mkataba, anayeitwa ofisini kila mwaka, kwa lugha asiyoijua. Mama Riziki alikataa kabla sijamaliza kugawanya. Kama mzee wako ananunua dawa kwa mfuko wake, piga hesabu upya, inaweza kutoka vingine.

Barua ya majibu tuliiandika kwa kurasa mbili, kila jambo na kichwa chake, kila kichwa na vielelezo vyake. Hatukuomba radhi sana. Tuliandika kilichoandikwa, kilicho sahihi, na sababu ya tofauti: alitumia malipo baada ya makato, aliamini malipo ya mzazi hayahusiki, alielewa neno familia kuwa ni ndugu wote. Tuliambatisha karatasi za mshahara zinazofuatana, barua ya SSI ya mwaka huo, barua ya chuo. Tukaipeleka kwa mkono siku ya sita na kuomba nakala yetu igongwe muhuri wa tarehe. Pia tuliomba kwa maandishi kwamba kama bado wataona sababu ya kukataa, apewe kikao cha kusikilizwa, kwa sababu mwombaji anayekataliwa nyumba ya umma ana haki ya kuelezwa sababu na kuomba kusikilizwa. Na tukaomba mkalimani wa Kiswahili. Safari ya kwanza Riziki ndiye aliyemtafsiria mama yake, na binti wa miaka 19 hawezi kumwambia ofisa mambo ya pesa ya bibi yake huku bibi amekaa pembeni.

Kikao hakikuhitajika. Waliitwa kwa mahojiano, mkalimani akawa kwenye simu, ofisa akapitia ukurasa kwa ukurasa. Swali moja tu lilirudi mara mbili: mume akija? Mama Riziki akajibu kama tulivyoandika. Akija, ataripotiwa kabla hajalala ndani, ataangaliwa, akiidhinishwa atawekwa kwenye mkataba, na akipata kazi mshahara wake utaingia kwenye hesabu. Watakuwa tisa, na wataomba uhamisho wa chumba cha tano. Ofisa alimweleza pia kwamba baada ya kuhamia, ndani ya siku 120, ofisi itavuta ripoti ya mishahara kutoka kwenye mfumo wa serikali unaoitwa EIV na kuilinganisha na alichoandika. Kwa waombaji hutegemea karatasi unazoleta. Kwa wapangaji mfumo huo ndio unaosema. Anayepita mlangoni kwa namba ndogo hukamatwa hapo, na hudaiwa kodi yote ya nyuma.

Baada ya miezi minne wakapata nyumba ya vyumba vinne.

Hesabu hizi ni za 2022. Tangu wakati huo sheria inayoitwa HOTMA imeanza kubadilisha baadhi ya viwango, kwa mfano chini yake punguzo la kaya ya mzee lilipandishwa kwanza kutoka 400 hadi 525, kwa hiyo muulize ofisa wako anatumia jedwali la mwaka gani.

Januari Riziki alinipigia. Alitaka kuacha somo la kemia, linamshinda, aongeze masaa ghalani. Nikamuuliza atabaki na krediti ngapi. Tisa. Chuoni kwao mwanafunzi wa muda wote ni krediti 12. Nikamwambia shika kalamu: ukishuka hapo, zile 16,160 zilizokuwa hazionekani zinaingia kwenye kipato cha nyumba, na punguzo lako la 480 linatoka. Kodi ya mama yako inapanda kwa dola 416 kila mwezi, na hapo hujaongeza saa hata moja. Alinyamaza kidogo. Nikamwambia pia nyumba za umma huwa na kodi ya kiwango kimoja ambayo familia inaweza kuichagua badala ya ile ya asilimia, lakini kwa vyumba vinne katika mji wetu ilikuwa juu ya 1,300, isingeokoa kitu kikubwa.

Wiki iliyofuata alinitumia picha ya ratiba yake. Kemia imetoka, ameweka takwimu za jioni, Jumanne na Alhamisi. Krediti 12. Chini ya picha ameandika kwamba ameshachukua barua mpya ya chuo, na mama ameiweka ndani ya Biblia pamoja na ile nyingine.